Faraghani Mpenzi, Mbele za Watu Mgeni

Tukiwa wawili haniachii mkono. Akitokea mtu tunayemjua, anauachia kama ameungua. Ananionea haya?

Mkono peke yake haukupi jibu. Wapo ambao kushikana mbele za watu kunawatia haya hata baada ya miaka mingi ya ndoa. Tazama kinachofuata. Mwenye haya anabaki na wewe: anakuwekea kiti karibu, anakutafuta kwa macho chumba kikijaa, anawaambia wenzake, "Sisi tutaondoka mapema." Anayekuficha huiondoa hata hiyo "sisi". Atasimulia safari mliyokwenda pamoja kana kwamba alikwenda peke yake, nawe umekaa hapo unasikiliza. Mimi hiyo "sisi" ndiyo ninayoitegea sikio kuliko busu lolote.

Kwa marafiki zangu yuko huru. Kwa marafiki zake mimi ni "rafiki" tu. Anasema ndivyo alivyo.

Ingekuwa ndivyo alivyo, angekuwa hivyo kote. Hapa kuna mtu au watu ambao hataki wajue. Huenda ni mpenzi wa zamani ambaye hawajamalizana. Huenda ni ndugu anayemwogopa, au kundi hilohilo lilimcheka alipoachwa. Sababu hizi hazina uzito mmoja, na kwa kumtazama tu hutazitofautisha.

Muulize, ila si usiku mnaporudi umeshaumia. Muulize siku mbili kabla: "Jumamosi mtu akiuliza mimi ni nani wako, utamjibuje?" Usidai kukumbatiwa, omba neno moja la kukutambulisha. Mwenye haya atasitasita, atakupa neno, na siku ikifika atalisema hata kwa sauti ndogo.

Dada mmoja aliniambia alifanya hivyo. Aliahidiwa "mpenzi wangu", mezani akaitwa "rafiki". Alisamehe. Mara ya pili mwenzake alijifanya hakusikia swali. Ya tatu alimwambia asiende naye, na bado usiku uleule akaja kwake na maneno matamu. Hapo hakuhitaji tena kuuliza, na namwelewa kabisa.

Tunafanya kazi ofisi moja, na mmoja wetu ni bosi wa mwenzake. Kazini ananichukulia kama mtu baki.

Hili silihesabu dhidi yake, kwa kuwa lina madhara ya kweli kazini. Ila mpaka huo muuweke wote wawili, na uishie mlangoni. Akikukana hata kwa watu wasio wa kazini, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Nimkumbatie ghafla mbele za watu nione atafanyaje?

Usifanye hivyo, tafadhali. Mwenye haya na mwenye siri wote watashtuka vilevile, nawe utarudi nyumbani hujui lolote jipya. Zaidi, kama ana jambo la kweli linalomtisha, kwa mfano ndugu anayeweza kumdhuru, utakuwa umemfichua kabla hajapata nafasi ya kukueleza.