Picha 200, kurasa 40: barua kwa mwanangu

"Mama, tumekusanya picha kama 200 za wazazi wa mume wangu. Wanatimiza miaka 40 ya ndoa na tunataka kuwapa kitabu cha picha cha kurasa 40. Nimezipanga kwa miaka lakini naona kimekuwa kitabu cha wajukuu. Nizipangeje, na chini ya kila picha niandike nini?"

Mwanangu,

Nimezipitia zote ulizonitumia. Kilichokukwamisha ni simu. Kuanzia 1985 walipooana hadi 1994 una picha 11 tu, kwa sababu kamera ilikuwa ya kuazima na filamu ilikuwa na gharama. Kuanzia 2015 hadi leo una zaidi ya 120. Ukiipa kila picha nafasi yake kwa zamu, zaidi ya nusu ya kitabu itakuwa ni miaka hii 10 ya mwisho, na wakwe zako watajikuta wageni katika kitabu chao wenyewe. Kwa hiyo anza kwa kuigawa miaka, si picha.

Shika karatasi na uchore kurasa zote 40 ndogondogo. Ukurasa wa 1 unasimama peke yake upande wa kulia, na wa 40 unasimama peke yake upande wa kushoto. Zilizobaki zinakwenda mbilimbili zikitazamana: 2 na 3, 4 na 5, hadi 38 na 39. Hizo ni jozi 19, na jozi ndiyo utakayoipanga, kwa maana msomaji akifungua kitabu huona kurasa mbili kwa mpigo, haoni moja. Mimi ningegawa hivi: jozi 1 ya maisha yao kabla ya kukutana, jozi 1 ya harusi, jozi 5 za 1985 hadi 1994, jozi 5 za 1995 hadi 2004, jozi 4 za 2005 hadi 2014, na jozi 3 za 2015 hadi sasa. Zile picha 11 za zamani zitapata kurasa 10, kwa hiyo zitakaa kubwa na kupumua. Zile 120 zitagombania kurasa 6, na hapo ndipo kazi ya kupunguza ilipo.

Unapopunguza, tumia swali moja tu: wao wawili wako wapi katika picha hii? Kama hawapo, au wamekatwa wakabaki mabega pembeni mwa keki ya mjukuu, iweke kando hata kama mtoto amependeza. Picha ambayo mkweo mwanamume anamfunga mjukuu kamba za viatu inaingia. Ya wajukuu sita wamepangwa mstari inaingia moja tu, iliyo wazi kuliko zote.

Usifungue kitabu kwa harusi. Ukurasa wa 1 weka majina yao na ile miaka miwili, 1985 na 2025, basi. Kurasa za 2 na 3 weka zile picha zao za ujana, baba mkwe wako kushoto akiwa na shati jeupe, mama mkwe wako kulia akiwa ameshika daftari. Kwa bahati nzuri baba anatazama kulia na mama anatazama kushoto, kwa hiyo wataonekana wanatazamana kabla hawajajuana. Kisha mtu anafunua, na harusi inamkuta kwenye 4 na 5. Kule kufunua ndiko kunakomfanya ashtuke kwa furaha, hivyo usiweke hata picha moja ndogo ya harusi kabla ya hapo.

Mtu anayetazama nje ya ukurasa huyavuta macho ya msomaji nje pia, kwa hiyo wapange watazame ndani. Ila usiigeuze picha kwa kompyuta ili uso uelekee unakotaka. Saa itahamia mkono mwingine, maandishi ya ukutani yatasomeka kinyume, na wenyewe wataona mara moja.

Picha ya harusi ukiitandaza kurasa zote mbili, angalia mkunjo wa katikati. Kitabu cha kugundishwa mgongoni humeza karibu sentimita 1 kila upande, na katika picha yako maharusi wamesimama katikati kabisa. Isogeze wote wawili wakae kwenye ukurasa wa 5, au uiweke nzima upande huo na wa 4 ubaki mweupe wenye mwaka tu. Mimi napendelea hiyo ya pili. Picha hizo za karatasi ziskani kwa dpi 600: ya sentimita 10 kwa 15 itaweza kuchapwa hadi 20 kwa 30 bila kufifia. Zilizotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida huwa zimeshapunguzwa ukubwa, kwa hiyo omba faili asili kwa aliyepiga.

Sehemu moja ningevunja mpangilio wa miaka. Kuna picha ya 1985 mama mkwe wako anamrekebisha mumewe kola, na nyingine ya siku ya harusi yenu, 2016, anafanya vilevile. Ziweke zikitazamana mahali pa 2016, kwa ukubwa mmoja. Chini yake andika mwaka tu kila upande. Ukieleza zaidi utakuwa umemnyima msomaji raha ya kugundua.

Kwingine, maelezo ya picha yaseme kile ambacho jicho halioni. Wewe umeandika: "Baba na Mama wakiwa wamesimama kando ya pikipiki wakitabasamu." Yote hayo tunayaona. Mpigie shangazi wa mumeo umuulize pikipiki ilikuwa ya nani na walikuwa wanakwenda wapi. Akikwambia ilikuwa yao ya kwanza na mama aliiogopa, basi andika: "1987. Pikipiki ya kwanza. Mama aliipanda akiwa amefumba macho." Ukitaka kipimo, yasizidi maneno 20. Ndugu wakitofautiana kuhusu kisa, andika lile wanalokubaliana wote.

Sauti iwe moja kitabu kizima. Ninyi watoto ndio mnaosema, kwa hiyo ni Baba, Mama, Bibi, Shangazi, wala isiwe "mkwe" ukurasa huu na "Baba" ule. Picha za watu wengi taja majina kuanzia kushoto, na waliofariki wataje kwa jina na uhusiano kama wengine. Mwaka usioujua, geuza picha utazame nyuma, au hesabu watoto waliomo: kama wa pili yumo mgongoni na wa tatu hajaonekana, umeshapata mwanya wa miaka miwili mitatu. Andika "mwanzoni mwa miaka ya 1990" badala ya kubuni tarehe.

Herufi ziwe za pointi 11 au 12, nyeusi juu ya weupe, zisiwekwe juu ya picha. Usizipunguze kuliko hapo, kwa sababu watakaokisoma wamevuka miaka 60. Kabla ya kupeleka kuchapwa, mpe shemeji yako akague mambo mawili tu: tahajia ya majina, na kama umri wa kila mtoto unalingana na mwaka ulioandikwa chini yake. Nimeona tayari kwamba mumeo "ana miaka 3" katika picha ya 1988, ilhali alizaliwa 1986.

Nitumie kwanza kurasa za 2 hadi 15 ukishazipanga. Zile za simu tuziache mwisho, tukishajua nafasi iliyobaki.

Mama yako