Setilaiti nzima, modemu zimekufa

Watu wengi wakisikia jeshi limeshambulia mtandao wa adui hufikiria nywila zilizoibwa. Shambulio la KA-SAT la tarehe 24 Februari 2022 lilikuwa la aina nyingine. Kama ofisi yako iko Liwale au Nanyumbu na unategemea dishi lililo juu ya paa, lina la kukufundisha.

KA-SAT ni setilaiti ya intaneti inayohudumia Ulaya, na jeshi la Ukraine lilikuwa mmoja wa watumiaji. Asubuhi ya uvamizi wa Urusi, kwenye saa kumi na mbili kwa saa zetu, modemu kadhaa zilizoko Ukraine zilianza kumwaga data kwa wingi hadi watumiaji wengine wakawa wanakatika. Kwenye saa moja na robo likaja pigo lenyewe: makumi ya maelfu ya modemu yakaanza kutoka hewani na hayakurudi.

Setilaiti yenyewe haikuguswa. Washambuliaji walipita kwenye VPN, njia ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa mbali, iliyosetiwa vibaya, wakafika upande wa usimamizi, pale mafundi wanapotoa amri kwa modemu zote kwa pamoja. Wakatuma amri halali kabisa. Modemu haijui aliyekaa kwenye kiti cha fundi ni nani, kwa hiyo ilitii na kuandika takataka juu ya kumbukumbu yake. Ikishakosa mtandao, huwezi kuitengeneza ukiwa mbali. Kampuni ya Viasat, mwenye mtandao huo, ilisambaza modemu nyingine karibu 30,000. Silaha ya namna hii haijui mpaka pia: Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo iliendelea kuzunguka bila wasimamizi kuiona kutoka mbali.

Kwa hiyo anza na mlango wa usimamizi. Ruta na modemu zisiamriwe kupitia mtandao uleule wanaotumia wafanyakazi na wageni. VPN ya fundi iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na akaunti ya mkandarasi ifungwe siku kazi inapoisha. Hapa ndipo ofisi nyingi huzembea.

Halafu njia ya akiba. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, waliokuwa na laini za kampuni mbili waligundua kuwa zote zilitegemea nyaya hizohizo. Hiyo ni njia moja yenye bili mbili. Majeshi huweka pia redio ya HF, inayorusha mawimbi mbali bila kutegemea nyaya wala setilaiti: ni ya polepole na haibebi faili kubwa, lakini haipiti kwenye seva ya kampuni yoyote.

Ijaribu akiba yako siku ya kazi, msimu wa minada ya korosho ukiwa bado. Chomoa kebo ya njia kuu kwa saa nzima, uone nini kinasimama. Modemu ya ziada ikae kabatini ikiwa imeshasetiwa, na mipangilio yake iwe kwenye karatasi. Faili iliyoko kwenye seva ya mbali haitafunguka siku hiyo.