Jeli ikiinuka, usiizibe kwa gundi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kucha hapa Mombasa, juzi nimemwona tena binti wa saluni akidondosha gundi chini ya jeli iliyoinuka ili mteja awahi harusini. Nilimzuia pale pale. Kwa kuwa mko wengi mnaofanya hivyo, na nawapenda, nawaandikia.

1. Gundi inafungia maji ndani. Katika saluni moja niliyofanya kazi zamani, alikuja dada mmoja kabla ya harusi ya nduguye, mikono imeshatiwa hina na piko. Jeli ya kidole gumba ilikuwa imebanduka ubavuni, ncha ya kijiti inaingia. Mwenzetu mgeni wa kazi akatia gundi, akapaka jeli juu, akaweka mkono kwenye taa. Ikang'aa, dada akaondoka na furaha yake.

Baada ya wiki mbili akarudi na doa la kijani, sawa na punje ya choroko, linaonekana kwa chini. Yeye akidhani ni rangi, yule binti akasema ni fangasi. Si fangasi. Ni bakteria wanaoitwa Pseudomonas, wanaopenda mahali penye unyevu. Maji ya vyombo na ya kufua yalikuwa yakipenya kwenye ule mwanya, na hayakuwa na njia ya kukauka. Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana mteja hashtuki.

Tulipovua jeli, tukakuta ukucha umeachana na nyama hadi karibu na katikati. Binti akashika bafa asugue ule ukijani. Nikamshika mkono. Rangi ile imeingia kwenye ukucha wenyewe, na hubaki hata bakteria wakishakufa, mpaka ukucha ukue uishe. Ukisugua unaupunguza tu unene. Tulikata polepole sehemu iliyoachia, tukauacha mtupu na mkavu, na kwa kuwa pembeni palikuwa pameanza kuuma na kuvimba, tukampeleka kwa daktari. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na kuubadilisha wote huchukua karibu miezi 6. Muda wote huo hatukumpaka kitu, ingawa aliomba. Tupa na bafa zilizogusa kidole kile tulizitupa.

2. Uliza kwa nini iliinuka. Dada huyu hakuwa mzembe. Alikuwa akipaka jeli anapoingia siku zake, na akitaka kurudi kwenye sala anaivua, kwa sababu maji ya udhu lazima yafike kwenye ukucha. Wateja wetu wengi wako hivyo, na ni haki yao. Ila yeye alikuwa anaibandua kwa meno, usiku, jikoni. Jeli ikibanduliwa kavu huondoka na tabaka za ukucha. Kila mwezi ukucha ukazidi kuwa mwembamba, ukawa unapinda huku jeli ikibaki ngumu, na hapo ndipo mwanya unapoanzia. Utautambua ukucha wa namna hiyo: una mabaka meupe yanayokwaruza, unapinda ukiubonyeza, na mteja anaruka kwa joto akiweka mkono kwenye taa.

Mteja kama huyu mpangie siku ya kuvua siku ile ile unayompaka, na bei ya kuvua iwe ndani. Sugua topu koti mpaka mng'ao uishe, weka pamba ya asetoni, funga kwa foili dakika 10 hadi 15, kisha sukuma kwa kijiti. Ikigoma, funga tena. Jamani, acheni kukwangua kwa nguvu eti kuna foleni! Na kama ukucha umeshakuwa mwembamba, mwambie apumzike, au mpe kucha za kubandika kwa stika, za siku moja.

3. Jeli isiguse ngozi. Ikimwagikia kwenye mzizi wa ukucha, ifute kwa kijiti kabla ya taa. Jeli mbichi kwenye ngozi huzaa aleji, hasa ile yenye kemikali ya HEMA, soma chupa. Jeli nene, au taa isiyolingana na jeli yako, huiacha mbichi kwa ndani hata kama juu imekauka. Aleji inaweza kuja baada ya miaka ya kupaka bila tatizo, na ikishaingia haitoki. Glavu ya nitrili ikiguswa na jeli ibadilishe mara moja, kwa sababu inapenya. Nanyi mnaopaka kutwa mko hatarini kuliko wateja.

Mteja akilalamika vidole vinawasha na vina vipele vya maji, au kope zimevimba na kubabuka, vua jeli, usimbadilishie chapa nyingine, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Ikithibitika ni aleji ya akrileti, yaani kemikali za kwenye jeli, amwambie na daktari wa meno, maana vijazio vya meno vina kemikali za jamii hiyo hiyo.