Noti za mhadhara zimekuwa ukuta wa maneno: Maji Maji

"Nina kurasa sita za noti za Vita vya Maji Maji, hazina aya wala vichwa. Nianzie wapi?"

Habari ndugu. Usinakili upya kwanza. Mimi nilipoteza jioni nzima hivyo, nikapata ukuta uleule kwa mwandiko mzuri. Soma ukiwa na penseli, na pembeni mwa kila sentensi andika herufi ya swali inalojibu: S kwa sababu, M kwa mwenendo wa vita, T kwa matokeo. Herufi hizo ndizo vichwa vyako.

Chini ya S utakuta kulimishwa pamba kwa lazima, kodi na ukali wa maakida. Hizo ni hoja ndogo. Kisa cha mtu kuchapwa viboko shambani si hoja, ni mfano. Kisogeze ndani zaidi chini ya pamba.

Penye taabu ni sentensi yenye herufi mbili. "Wajerumani walichoma mashamba, watu wakafa njaa" ikate: kuchoma ni M, njaa ni T. Ukiiacha nzima, utaikosa mahali pamoja.

Istilahi weka karatasi nyingine. Kipimo changu: je, ukilifuta neno, hoja inaeleweka? "Akida" libaki, na maana kwa mstari mmoja: msimamizi wa majumbe kadhaa chini ya Wajerumani. "1905–1907" si istilahi, iende M. Istilahi zikifika thelathini, umeanza kuokota kila neno geni.