Tiki mbili za kijivu na ujumbe uliofutwa: nani alisoma, nani alifuta?

"Habari za jioni ndugu zangu. Shemeji yangu alikuwa amepanga nyumba Katuba. Anasema alimwandikia mwenye nyumba kwenye WhatsApp kwamba anahama, lakini sasa mwenye nyumba hataki kurudisha garanti, anasema hakuona ujumbe wowote. Shemeji amenitumia skrinshoti: ujumbe wake una saa 18:50 na tiki mbili za kijivu, chini yake kuna mstari 'Ce message a été supprimé', saa 20:15. Wazee wa familia wanasema tiki si za buluu kwa hiyo hakusoma, tena ni shemeji aliyefuta kitu. Nani ana haki?"

Ndugu, wazee wamekosea mara mbili, na kosa lao la pili ndilo linaloweza kumwokoa shemeji.

Anza na simu. Skrinshoti ilipigwa kwenye simu ya nani? WhatsApp haiweki tiki kwenye ujumbe unaoingia, inaziweka kwenye ujumbe wa mwenye simu peke yake, ule unaokaa upande wa kulia. Kama tiki za kijivu ziko kwenye ujumbe wa shemeji, basi hiyo ni simu ya shemeji. Sasa soma ule mstari tena polepole. Mtu akifuta ujumbe wake kwa wote, kwenye simu yake mwenyewe panaandikwa "Vous avez supprimé ce message". Kwenye simu ya mwenzake ndipo panaandikwa "Ce message a été supprimé". Wewe umenukuu ya pili. Maana yake aliyefuta ni mwenye nyumba, na mstari huo unapaswa kuwa upande wa kushoto. Uangalie. Ukikuta uko kulia, hapo ndipo uanze kumhoji shemeji, kwa sababu maneno hayo upande wa kulia hayaendani na simu yake.

Kuna jambo jingine kwenye huo mstari. Ile 20:15 ni saa ujumbe ulipotumwa. Si saa ulipofutwa. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa muda wa siku mbili hivi baada ya kutuma, kwa hiyo mwenye nyumba angeweza kuufuta dakika ile ile au kesho yake. Ila kutuma alituma, saa 20:15, ndani ya mazungumzo yale yale, chini ya ujumbe wa kuhama uliokwisha kufika. Mtu anayesema hakuona kitu aliandikaje hapo chini yake? Hilo ndilo swali la kumuuliza. Aliandika nini, hatujui, na shemeji asithubutu kutujazia maneno ("aliniandikia sawa, akafuta"). Labda aliandika sawa, labda alikosea mtu. Skrinshoti inatuambia alikuwa pale, basi.

Nikija kwenye rangi. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwenye simu yako ukafika kwenye seva. Tiki mbili za kijivu, umefika kwenye simu ya mwenzako, au kwenye kompyuta aliyoiunganisha na akaunti yake. Buluu, umefunguliwa. Lakini kijivu hakisemi kwamba hakusoma. Mtu anaweza kusoma kwenye taarifa inayoshuka juu ya kioo bila kufungua mazungumzo. Anaweza pia kuwa amezima "Confirmations de lecture", na hapo hata akisoma mara kumi tiki zinabaki kijivu. Kuzima huko kuna bei yake: anayezima naye haoni buluu za wengine. Ndiyo maana muulize shemeji kama yeye mwenyewe hajazima. Afungue mazungumzo mengine, ya mama yake au ya rafiki. Akiona buluu huko, upande wake uko sawa, na labda aliyezima ni mwenye nyumba. Asipoona buluu hata mahali pamoja, basi kijivu chake hakina maana yoyote kwa yeyote.

Nakueleza haya kwa sababu yalinipata mwenyewe. Nilikuwa napanga Kampemba, dola 150 kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu, yaani dola 450. Mwenye nyumba ni papa mmoja anayekaa Kinshasa, hapa Lubumbashi alimwacha sentineli tu. Mkataba ulidai preavi ya mwezi mmoja, itolewe kabla mwezi haujaanza. Mimi, kama kawaida yangu, nikangoja mpaka siku ya mwisho ya Julai, umeme ukakatika jioni, simu ikazima. Ujumbe ukatoka umeme uliporudi, saa 00:20, tarehe 1 Agosti.

Papa akasema nimechelewa, tena hakuona preavi yoyote. Nikamtumia skrinshoti yangu. Naye akanitumia ya kwake, akaipeleka na kwa mjomba wangu aliyenidhamini, na maneno haya: "Linganisheni, mtoto wenu ameghushi." Kweli hazikufanana. Yangu ilionyesha 00:20, yake ilionyesha 23:20. Yake ilikuwa na mstari "Ce message a été supprimé" juu ya ujumbe wangu, yangu haikuwa nao. Mjomba alinipigia simu kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Tofauti ya saa ndiyo ilikuwa rahisi, ingawa ilinichukua siku nzima kuiona. WhatsApp inaandika saa ya simu inayoangaliwa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ujumbe mmoja, sekunde ile ile, kwangu ni 00:20, kwake ni 23:20. Namna ya kuhakikisha: usilinganishe ujumbe mmoja, linganisha minne au mitano, hata ile ya zamani ya kusalimiana. Kwetu kila mmoja ulipishana saa moja kamili, dakika zikiwa zile zile. Mtu anayeghushi hubadilisha mstari unaomfaa, hahangaiki kusogeza mpaka salamu za Pasaka. Na ucheke kidogo hapa: kwa saa ya Kinshasa ujumbe wangu ulifika tarehe 31 Julai. Skrinshoti aliyonishtaki nayo ndiyo iliyonionyesha niko ndani ya muda.

Ule mstari wa kufutwa, hapo kosa lilikuwa langu. Mara ya kwanza niliandika kwamba nahama mwisho wa Septemba badala ya mwisho wa Agosti. Nikafuta kwa wote, nikaandika upya. Kisha mstari wa "Vous avez supprimé ce message" ukanikera machoni, nikaubonyeza nikaufuta na wenyewe, safari hii kwa "Supprimer pour moi". Kufuta kwa namna hiyo hakuachi alama yoyote kwako na hakugusi simu ya mwenzako. Kwangu pakabaki pasafi, kwake mstari ukabaki. Machoni pa mjomba nilionekana mtu aliyefagia ushahidi, na siwezi kumlaumu. Hata leo nikiona skrinshoti safi mno yenye mazungumzo yasiyoshikana, jibu bila swali, "asante" bila kitu cha kushukuriwa, wazo la kwanza ni hilo "pour moi". Dawa yake ni kuomba skrinshoti ya upande wa pili.

Papa akasema tena kwamba labda niliubadilisha ujumbe baadaye. Hapana. Kubadilisha ujumbe uliokwisha kutumwa kunaruhusiwa ndani ya dakika 15 tu, na kunaacha neno "Modifié" kando ya saa, kwenye simu zote mbili. Kwenye skrinshoti yake mwenyewe neno hilo halikuwepo.

Ikabaki kusema hakusoma. Tiki zangu zilikuwa kijivu wiki nzima, kumbe alikuwa amezima zile "confirmations". Kilichonisaidia ni vokali. Asubuhi ya tarehe 1 nilikuwa nimemtumia vokali ya sekunde 20: "Papa, mambo? Nimekuandikia hapo juu kuhusu nyumba, tafadhali uangalie." Vokali ina kipaza sauti kidogo kando yake, na kinageuka buluu mwenzako akiisikiliza. Kuzima "Confirmations de lecture" hakuzuii hilo. (Kwenye kundi pia hakuzuii, ila kundini buluu hungoja mpaka wote wasome, kwa hiyo mtu mmoja mwenye simu mbovu anawashikilia wote.) Tiki za maandishi kijivu, kipaza sauti buluu. Nikabonyeza vokali kwa muda mrefu, nikafungua "Infos", nikaona saa aliyoisikiliza: siku ile ile, kabla ya saa sita mchana. Nikapiga skrinshoti ya ukurasa huo, nikamtumia yeye na mjomba pamoja.

Hakukubali moja kwa moja. Alisema labda binti yake ndiye aliyesikiliza, kwa sababu simu hukaa mezani. Na hapo ana haki yake: buluu inasema akaunti imefungua, haisemi mkono wa nani. Mwishowe alirudisha dola 300, akabaki na mwezi mmoja akidai ni rangi ya ukuta. Nilichoka, nikachukua.

Kwa shemeji, basi. Afungue ujumbe wake wa 18:50, abonyeze, aende "Infos", apige skrinshoti ya saa uliyofika. Hiyo ina nguvu kuliko tiki peke yake. Apige skrinshoti za mazungumzo yote kuanzia siku kadhaa nyuma, bila kukata juu wala chini, jina la mwenye nyumba likionekana, na asifute hata mstari mmoja, hata wa aibu. Simu asiiuze wala kuibadilisha kabla jambo halijaisha, kwa sababu mbele ya mkuu wa mtaa mtu atataka kuona simu yenyewe. Picha za kughushi ziko nyingi na kuzitengeneza ni kazi ya dakika tano.

Angalia pia tarehe. Skrinshoti iliyopigwa siku ile ile juu yake panasomeka "Aujourd'hui", ya kesho yake "Hier". Haimwambii mtu chochote mwezi ukipita. Kama ya shemeji iko hivyo, apige nyingine wiki ikishapita, tarehe kamili itatokea yenyewe.

Na wewe rudi utuambie ule mstari uko kushoto au kulia.