Kahawa tatu, kikombe kimoja: maswali yenu kuhusu kuchanganya kahawa

Nimefungua mgahawa mdogo Arusha wenye mashine ya espreso. Nina kahawa ya Kilimanjaro, ya Mbinga na robusta ya Bukoba. Nianzie wapi ili nipate mchanganyiko wangu mwenyewe?

Anzia kwa wateja wako, dada. Kama wengi wanaagiza kahawa ya maziwa, mchanganyiko wako utahukumiwa ndani ya maziwa, hata kama wewe mwenyewe unapenda kuinywa nyeusi. Kisha kila kahawa ipe kazi yake. Ya Kilimanjaro iliyooshwa vizuri huleta uchachu wa tunda, ule unaokumbusha chenza, wala si uchachu wa maziwa yaliyolala. Ya Mbinga, kutoka milima ya Umatengo, mimi huitumia kwa utamu wake na kwa sababu haigombani na nyingine. Robusta huleta uzito mdomoni na povu nene juu ya espreso. Kahawa ambayo huwezi kuitajia kazi kwa sentensi moja, itoe.

Usianze kwa kuchanganya punje. Changanya kahawa ambazo tayari zimepikwa, utaokoa muda na kilo nyingi. Pima gramu 15 za kila kahawa, ukizisaga kwa kiwango kimoja. Kila moja imwagie gramu 250 za maji ya nyuzi 93 hivi, iache dakika nne, kisha chuja. Vipimo lazima viwe sawa kwa zote tatu, la sivyo utakuwa unalinganisha kahawa kali na nyepesi ukidhani unalinganisha Kilimanjaro na Mbinga. Nunua duka la dawa bomba la sindano, lile la plastiki bila sindano yenyewe, uvute kahawa kwa mililita. Kikombe cha mililita 100 kinakupa asilimia bila hesabu yoyote.

Nikueleze jinsi tulivyofanya kwa mgahawa mmoja unaofanana na wako. Jaribio la kwanza lilikuwa Kilimanjaro 60 na Mbinga 40. Ikiwa nyeusi ilikuwa nzuri sana, kila mtu mezani akataka kuishia hapo. Tulipotia maziwa ya moto, kahawa ilipotea. Tulibaki na maziwa yenye rangi. Tukaongeza robusta: Kilimanjaro 40, Mbinga 30, Bukoba 30. Sasa uzito ulikuwepo, lakini kulikuwa na harufu ya mbao na uchungu uliokaa nyuma ya ulimi hata baada ya kunywa maji. Tukashusha robusta hadi 20 na kupandisha Mbinga hadi 40, kwa sababu utamu ndio unaotuliza uchungu, na uchachu zaidi ungeuchokoza tu. Kikombe kikakaa sawa.

Hapo tulidhani tumemaliza. Tulipokaanga, kuchanganya punje zenyewe na kuzipitisha kwenye mashine, gramu 18 za unga zikitoa gramu 36 za espreso kwa sekunde 28, uchungu ulirudi. Espreso ni nzito mara kadhaa kuliko ile kahawa ya kuchuja tuliyoijaribia, na kasoro ambayo ilikuwa imejificha hujitokeza. Tukaishia Kilimanjaro 45, Mbinga 40, Bukoba 15. Kwa hiyo bomba la sindano litakufikisha karibu, ila uamuzi wa mwisho ni wa mashine yako na maziwa yako. Na usiamue siku ya kukaanga. Kahawa iliyotoka motoni bado inatoa gesi nyingi. Ipe siku tano hadi saba kabla ya kuionja kwa uamuzi.

Tuchanganye buni kabla ya kukaanga, au tukaange kila moja peke yake?

Kila moja peke yake, angalau mwaka wa kwanza. Buni ya mlimani ni ngumu na inahitaji moto wa kuisukuma; robusta ina sukari pungufu kuliko arabika na uchungu wake huja haraka ukiizidishia. Ukizitia pamoja kwenye pipa moja, itabidi uchague ni ipi uidhulumu. Pia ukikaanga kwa kutenganisha, kosa likitokea unajua limetoka wapi.

Kumbuka tu kwamba asilimia zako ni za kahawa iliyokaangwa, na kukaanga kunapunguza uzito. Tuseme unataka kilo 20: Kilimanjaro kilo 9, Mbinga kilo 8, Bukoba kilo 3. Kama arabika zako hupoteza asilimia 15 na robusta asilimia 16, utahitaji buni kilo 10.6, kilo 9.4 na kilo 3.6. Pima upotevu wa mashine yako mwenyewe kila unapokaanga, uuandike. Siku ukiona namba imebadilika bila wewe kubadilisha kitu, ama buni imekauka ama moto wako umehama.

Mchanganyiko wangu una kahawa tano, mbili kati yake ni asilimia 5 kila moja kwa ajili ya "kuongeza ladha". Wateja wanasema leo tamu, kesho siyo. Mashine imekaguliwa, haina tatizo.

Naamini mashine yako haina tatizo, ndugu yangu. Tatizo ni idadi ya punje. Punje moja ya arabika iliyokaangwa ina uzito wa karibu gramu 0.13. Gramu 18 za espreso ni punje kama 138. Asilimia 5 ya hizo ni punje saba. Na kwa sababu punje huanguka ovyo kwenye mashine ya kusagia, kikombe kimoja kitapata nne na kinachofuata kitapata kumi. Hapo mteja wako wa asubuhi na wa mchana wamekunywa kahawa mbili tofauti, na wote wawili wanasema kweli.

Kahawa ya asilimia 15 ina punje kama 21, na kuyumba kwake kwa kawaida ni punje nne hivi juu au chini. Huko kuyumba ulimi wa mteja hauoni kwa urahisi. Ndiyo maana mimi sishuki chini ya asilimia 15, na kwa espreso sizidishi kahawa nne. Tatu zinatosha. Wanaopika birika kubwa la lita kadhaa hawana shida hii, kwa sababu punje ni nyingi mno hata bahati haina nafasi.

Angalia pia ukubwa. Ukichanganya daraja la AA na PB, zile ndogo za mviringo huteremka chini kadiri mashine inavyotikisika, nazo kubwa hubaki juu. Mwanzo wa siku unauza kahawa moja, jioni nyingine. Chagua madaraja yanayokaribiana, changanya kilo tano tano kwenye ndoo safi yenye mfuniko ukiigeuzageuza, na usijaze punje za siku nzima juu ya mashine. Robusta ya Bukoba nayo mara nyingi ina punje ndogo, kwa hiyo usiifikirie kama imesalimika.

Fungu langu la Kilimanjaro limekwisha na msimu mpya bado. Msambazaji ananipa la Kigoma. Nibadilishe moja kwa moja kwa asilimia zile zile?

Hapana. Unabadilisha kazi, hubadilishi jina. Kilimanjaro ilikuwa imeajiriwa kuleta uchachu. Onja fungu la Kigoma kando ya lile la zamani uone linaifanya kazi hiyo kwa nguvu gani. Kama ni laini zaidi, asilimia 45 zinaweza kuwa 50 na Mbinga ikashuka. Asilimia zilizoandikwa ukutani ni za mafungu yale yaliyokuwepo siku ile. Kinachopaswa kubaki ni kikombe.

Shida ni kwamba kumbukumbu ya ulimi hudanganya baada ya wiki. Kila ninapoukubali mchanganyiko, natia gramu 200 za punje zake kwenye mfuko usiopitisha hewa, naziweka kwenye friza, na hizo ndizo shahidi wangu. Nikitengeneza mpya, naandaa vikombe vitatu: viwili vya aina moja, kimoja cha nyingine, bila alama inayoonekana. Mwonjaji anaambiwa atoe kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu, watu wawili kati ya sita watapatia. Wakipatia wawili au watatu, naanza kuuza. Wakipatia watano, tofauti ni ya kweli, narudi kwenye bomba la sindano. Wakiwa wanne narudia siku nyingine. Muhimu waonjaji wasiongee wakati wa kuonja. Mmoja akikunja uso, wote watakunja.

Na usingoje gunia liishe. Ukibakiwa na akiba ya mwezi mmoja, ingiza fungu jipya theluthi moja, wiki inayofuata theluthi mbili, kisha lote. Kwa mgahawa wa kilo 20 kwa mwezi unatumia buni kilo 10.6 za Kilimanjaro, hivyo gunia la kilo 60 linakutosha miezi mitano na nusu hivi. Magunia mawili yanakuvusha karibu hadi mavuno mengine.

Lakini buni nayo huzeeka. Iliyo hai ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12 na rangi ya kijani. Ikipauka na kuelekea manjano, na kikombe kikaanza kunuka karatasi au gunia, uchachu umeshaondoka. Nimeona wengi wakijaribu kuurudisha kwa kuongeza asilimia za kahawa hiyo hiyo. Wanachoongeza ni ladha ya gunia.

Sitaki robusta kabisa. Nitapata wapi uzito?

Tafuta arabika iliyokaushwa ikiwa na tunda lake, kama ile ya Karagwe. Mara nyingi ina uzito kuliko iliyooshwa, ingawa povu halitakuwa nene kama la robusta. Iwe safi tu: arabika ya kukaushwa ardhini huvuta harufu ya udongo, ya kwenye vichanja ni salama zaidi. Na kama unachuja kwa karatasi, jua kwamba karatasi inazuia mafuta na chembe ndogo zinazoleta uzito, hivyo usiulaumu mchanganyiko.

Mimi nauza kahawa chungu Unguja, ya dele na kashata. Haya ya asilimia yananihusu?

Yanakuhusu, ila kazi zinabadilika. Kahawa inayokaa juu ya mkaa saa nzima hupoteza harufu zake nyepesi, zile unazolipia ghali kwenye Kilimanjaro ya daraja la AA. Usinunue kitu ambacho moto utakitoa. Kwako uzito na uchungu safi ndio mali, kwa sababu kashata ndiyo inayoleta sukari. Ningeanza na robusta 60 na arabika 40 ya daraja la chini lakini isiyo na kasoro, zote zikiwa zimekaangwa hadi ziwe nyeusi ila kabla ya kunuka moshi. Onja kikombe cha kwanza na kile cha saa moja baadaye. Kama cha pili kina ukakasi unaokausha ulimi, shusha robusta hadi 50 kabla hujagusa tangawizi.