Faida ipo, pesa iko wapi?

"Kampuni ina faida halisi nono, mbona wachambuzi wanang'ang'ania mtiririko huru wa fedha?"

Kwa sababu mtiririko huo ni pesa ya uendeshaji inayobaki baada ya kulipia mali ya kudumu. Tazama WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, Juni 2002. Ilikiri kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama za laini za simu ziliandikwa kama mali ya kudumu. Faida ikavimba, na hata fedha za uendeshaji zikapanda. Lakini ukitoa humo manunuzi ya mali, hila inayeyuka: dola ileile imetoka, imebadilishiwa mlango tu.

— Basi mtiririko huru ukiwa hasi, ni wizi?

Hapana, ndugu. Anayejenga kiwanda huwa hasi kihalali. Mimi hulinganisha faida na mtiririko huru kwa miaka minne mitano.

— Duka langu lina faida, hela wanazo wadaiwa.

Hapo anza na madeni ya wateja.